Mama Kreti na Madai Manne

Jina lake halisi wengi walikwisha lisahau. Pale chuo cha uuguzi, kuanzia kwa mlinzi wa getini mpaka kwa mkuu mwenyewe, aliitwa Mama Kreti, maana kila asubuhi aliingia darasani amelikumbatia kreti jekundu la soda lisilo na chupa hata moja. Chupa za nini? Humo alitia karatasi zake: mitihani, mazoezi, barua, vyeti, na chaki zilizokatika ambazo moyo haukumpa kuzitupa.

Alikuwa muuguzi kabla hajawa mwalimu. Miaka kumi na minne alihudumia wagonjwa wodini, akasoma jioni jioni mpaka akapata shahada, halafu akaitwa chuoni afundishe hesabu za dawa kwa muda. Huo muda ulikuwa umefika miaka tisa. Kila muhula aliandikiwa mkataba mpya, na kila muhula aliusaini kwa kalamu ileile huku akimshukuru Mungu.

Darasani alikuwa mpole, ila jambo moja hakuwa na mchezo nalo. Mwanafunzi akiandika jibu tupu, hata liwe sahihi, alipata sifuri. "Jibu bila njia mimi silijui," alikuwa akisema. "Nitajuaje kama hukuliota?" Wanafunzi walilia, wengine wakaenda kushtaki kwa mkuu, lakini Mama Kreti hakutikisika. Mgonjwa hatibiwi kwa ndoto.

Sasa mwaka huo chuo kikatangaza nafasi moja ya mhadhiri wa kudumu, na somo lililotajwa ni lilelile lake. Yaani akipata yeye, atalala usingizi. Akipata mwingine, huyo mwingine ndiye atakayeshika vipindi vyote vya hesabu za dawa, na Mama Kreti na kreti lake watarudi nyumbani. Hapakuwa na njia ya tatu. Tangazo lilitaka barua, vyeti vya shule, na kitu kinachoitwa jalada la ufundishaji, yaani maandishi ya kuonyesha mtu anavyofundisha.

Mama Kreti alifurahi. Kama ni karatasi, nani mwenye karatasi kuliko yeye? Alikusanya kila kitu cha miaka tisa akakipanga kwa tarehe. Aliweka cheti cha semina ya kompyuta, cheti cha kuhudhuria mafunzo ya kuzima moto, na cheti cha siku ya usafi ambacho walipewa wote waliofika, akiwemo dereva. Aliweka ratiba zote za vipindi. Aliweka picha aliyopigwa na mgeni mashuhuri, ingawa mgeni alitokea sikio tu na bega. Mwanzoni kabisa aliweka kurasa tatu alizoziandika kwa machozi, zenye kichwa "Ualimu ni Wito Wangu." Jumla zilikuwa kurasa mia mbili na kumi na nne. Hakuna mashine ya kubana karatasi iliyoliweza jalada hilo, basi mume wake, fundi cherehani, akalishona kwa sindano ya magunia na uzi wa kushonea viti.

"Hili hata ng'ombe akilikanyaga halifumuki," alisema fundi, akilipigapiga mgongoni kama mtoto aliyeshiba.

Alilipeleka kwa kulibeba kichwani. Siku ya nne likarudi, limebandikwa kikaratasi kidogo cha Ofisi ya Ubora: *Jalada lipangwe upya kwa madai na ushahidi. Kurasa kumi za maelezo, viambatisho visizidi kumi na viwili. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni.* Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Ofisi ya Ubora ilikuwa chumba kimoja chenye meza, makabati mawili ya chuma, na dirisha lililogoma kufungwa. Mwenye ofisi alikuwa binti wa miaka thelathini hivi ambaye kazi yake ilikuwa kupitia maombi na kuwaelekeza waombaji kabla maombi hayajafika kwenye jopo la ajira. Kwenye jopo hakuwemo, wala hakuwa na kura. Walimu walimwita Uko Wapi, kwa kuwa ukimwambia lolote hujibu kwa swali moja: ushahidi uko wapi? Mama Kreti alimjua tangu alipokuwa msichana wa dawati la tatu karibu na dirisha. Alimfundisha. Tena, kusema kweli, alimfelisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hivi nimekukosea nini?"

Uko Wapi alicheka kidogo, akavuta kiti, akamkaribisha. Akamwambia kwamba amelisoma jalada lote, kurasa zote mia mbili na kumi na nne, na kwamba lilimchukua Jumamosi nzima. Mama Kreti akaona huruma, akataka kumwombea baraka, lakini binti alikuwa amekwisha fungua ukurasa wa kwanza na kuweka kidole chini ya mstari.

"Hapa umeandika, wanafunzi wako wanaelewa sana hesabu za dawa."

"Ndiyo. Wanaelewa."

"Nitajuaje?"

"Si nimekuandikia?"

Dirishani upepo uliingia ukapeperusha kona ya cheti cha kuzima moto. Binti akaibana kwa kidole, akasema polepole, kwa adabu yote, "Mwalimu, ukiwa unasahihisha, jibu bila njia ulikuwa unatupa alama ngapi?"

Mama Kreti aliyaona mbele yake madaftari ya miaka tisa, na kwenye madaftari yale mayai mekundu aliyoyataga kwa mkono wake mwenyewe, mengine kwenye daftari la huyuhuyu aliyekaa mbele yake.

"Sifuri," alisema.

"Basi mimi sikukupa sifuri. Nimekurudishia ufanye masahihisho."

Ndipo akamweleza. Jopo halina shida ya kujua mtu amehudhuria semina ngapi. Linataka aseme mambo machache kuhusu ufundishaji wake, manne yanatosha, kila moja kwa sentensi inayoweza kukaguliwa. Chini ya kila dai aweke kitu kinachoonekana: kazi ya wanafunzi, maoni yao, taarifa ya mwalimu mwenzake aliyeketi darasani, karatasi ya zoezi aliyoibuni mwenyewe. Aeleze kitu hicho kinathibitisha nini, na kinaishia wapi. Kama dai halina ushahidi, lifutwe au lipunguzwe mpaka litoshe. Na ushahidi usiotumikia dai lolote, hata uwe mzuri vipi, ubaki nyumbani.

"Hata wito wangu?" aliuliza Mama Kreti.

"Wito tunauamini, Mwalimu. Ila kila mwombaji ana wito. Wiki iliyopita tu nilipokea saba."

Njiani kurudi hakumjibu mtu salamu. Alikuwa amemwomba Mungu jopo liuone moyo wake. Sasa alianza kufikiri kwamba Mungu anauona bila kuandikiwa, na jopo, maskini, lina macho ya kawaida tu.

Nyumbani fundi alipoambiwa jalada lifumuliwe, aliweka mkasi chini. Uzi ule alikuwa ameuzungusha mara mbili na kuutia fundo la siri. Ilibidi waukate kwa kisu, mume ameshika huku, mke kule, kwenye meza kubwa ya kukatia nguo. Zile karatasi zilipoachia, zilitambaa meza nzima. Mama Kreti akachukua chaki ya fundi, akachora meza mafungu manne, akaandika juu ya kila fungu anachotaka kudai. Karatasi ikiletwa, inaulizwa: wewe unasaidia fungu gani? Isiyo na jibu inarudi ndani ya kreti.

Kreti lilijaa haraka mno. Ratiba zilirudi. Semina zote zilirudi. Cheti cha usafi kilirudi. Mgeni mashuhuri na sikio lake walirudi. Fundi alikishika cheti cha kuzima moto kwa muda akauliza kama kweli hakisaidii popote, maana nyumba ile moto ukiwaka hakuna mwingine mwenye ujuzi. Nacho kilirudi.

Ikaja barua ya mwenzake mmoja wa somo la mwili wa binadamu, aliyependa aitwe Profesa ingawa hakuwa. Aliwahi kuketi darasani kwa Mama Kreti akaandika: "Alifundisha vizuri mno, Mungu ambariki." Mama Kreti naye siku ya pili yake alikwenda darasani kwa Profesa akamwandikia maneno yayo hayo. Kwa miaka tisa aliihesabu barua hiyo kuwa hazina. Sasa aliisoma mara tatu akitafuta jambo moja ambalo Profesa aliliona kwa macho yake, hakulipata. Ikarudi kwenye kreti, na baraka zake zote.

Likaja suala la maoni ya wanafunzi. Alama aliyojivunia kuliko zote ilikuwa nne nukta saba kati ya tano. Aliigeuza karatasi nyuma, akaona kitu ambacho hakuwahi kukitazama: waliojaza fomu mwaka ule ni tisa, na darasa lilikuwa na watu sitini na watatu. Wale hamsini na wanne walisema nini? Hakuna ajuaye. Mwaka mwingine alama ilikuwa nne nukta moja, ndogo, ya kawaida, aliyoificha kwa aibu. Ila waliojaza walikuwa hamsini na mmoja kati ya hamsini na wanane. Alizitazama hizo mbili kwa muda mrefu. Kisha akaitia nzuri kwenye kreti, akaiweka ya aibu mezani.

Fundi alikuna kichwa. "Mke wangu, unatupa nguo mpya unavaa ya viraka."

"Hii mpya haina mgongo, baba watoto. Nikigeuka tu, nimeaibika."

Siku ya Jumanne ikaisha hivyo, mafungu matatu yakiwa yameanza kupata nyama. Fungu la nne ndilo lililomtoa jasho. Alikuwa ameandika juu yake: *Wanafunzi wangu hushiriki kikamilifu darasani.* Alilipenda dai hilo. Alilisema kwenye mahojiano yote, harusini, hata kwenye maombi ya jumuiya. Na chini yake hapakuwa na karatasi hata moja.

Si kweli kwamba hapakuwa nayo. Ilikuwepo, na alijua ilipo. Chini kabisa ya kreti, chini ya chaki, imekunjwa mara nne.

Iliandikwa na mkufunzi mkongwe ambaye wote walimwita Sista Saa, kwa sababu ya saa ya kuning'inia kifuani ambayo hakuivua tangu enzi za wodi. Sista Saa alipoombwa kuketi darasani hakuandika kama mwalimu alifundisha vizuri wala vibaya. Aliandika alichokihesabu. *Kipindi dakika hamsini. Mwalimu amezungumza dakika arobaini na nne. Ameuliza maswali kumi na moja. Amejibu mwenyewe tisa.*

Mama Kreti alipoipokea siku ile alikwenda kulia chooni. Baadaye alikasirika, na baadaye zaidi, bila kumwambia mtu, alianza kujizuia. Akiuliza swali, alijibana ulimi na kuhesabu mpaka kumi moyoni. Mara nyingine darasa lilikaa kimya hadi ukasikia feni. Muhula uliofuata alikwenda mwenyewe kumwita Sista Saa arudi. Karatasi ya pili ilikuwa imekunjwa ndani ya ile ya kwanza: *Dakika hamsini. Mwalimu amezungumza ishirini na saba. Maswali kumi na manne. Wanafunzi wamejibu kumi na moja.* Hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote hiyo ya pili, kwa kuwa ya pili haina maana bila ya kwanza, na ya kwanza ilikuwa aibu.

Jumatano alizipeleka zote mbili Ofisi ya Ubora ndani ya bahasha, akazitoa kama mtu anayeonyesha kidonda kwa daktari. Uko Wapi alisoma, akasoma tena, na kwa mara ya kwanza hakuuliza chochote kiko wapi.

"Mwalimu, hizi ulizificha miaka mingapi?"

"Minne."

"Ukaniletea sikio la mgeni."

Mama Kreti alitazama sakafu. Binti akaona amekwenda mbali, akamshika mkono. Akamwambia hapo ndipo penye mwalimu. Ila dai lenyewe libadilike, kwa sababu karatasi hizi hazisemi kwamba wanafunzi hushiriki kikamilifu. Zinahesabu vipindi viwili tu, basi. Zinachosema ni kwamba mwalimu aliambiwa, akasikia, akabadilika. Waliandika pamoja, wakafuta, wakaandika tena: *Nimepunguza kuzungumza ili wanafunzi wapate nafasi ya kujibu.*

Alipomsomea mume wake sentensi hiyo jioni, fundi alisimamisha cherehani. Akauliza kwa utaratibu kama jopo litaita mashahidi wa upande wa pili. Yeye yuko tayari, alisema, hata kwa kiapo. Kwa dai hili hapa nyumbani hajaona ushahidi wowote. Mama Kreti alihesabu mpaka kumi moyoni, hakumjibu. Fundi akasema, "Aa. Kumbe," akarudi kwenye pindo lake.

Lakini kiini cha jalada lote kilikuwa fungu la kwanza. Lile la "wanaelewa sana." Hapo napo aliona aibu kabla hajaona ushahidi. Mwaka mmoja alitoa swali ambalo kwake lilikuwa maji: mgonjwa ameandikiwa miligramu sifuri nukta mbili tano, vidonge vilivyopo vina mikrogramu mia moja ishirini na tano kila kimoja, apewe vingapi? Jibu ni viwili. Kati ya wanafunzi hamsini na wanane, thelathini na mmoja walikosa, na kumi na wawili kati yao waliandika ishirini, na njia wameonyesha vizuri kabisa, nukta tu imeruka nafasi moja. Vidonge ishirini! Mgonjwa angezikwa na njia yake.

Hapo ndipo alipobuni kakaratasi kake. Kabla ya kugusa hesabu, mwanafunzi aandike kwanza anakisia vidonge vingapi, na kama angekubali kummezesha mama yake mzazi idadi hiyo. Wiki sita baadaye akatoa swali la aina ileile lenye tarakimu nyingine. Waliofanya walikuwa hamsini na sita. Waliokosa, tisa.

Uko Wapi alimfundisha kuliweka sawa. Dai lisiwe "wanaelewa sana," liwe *wanafunzi waliotumia zoezi la kukisia walipunguza makosa ya kubadili vipimo*. Aambatishe swali la kwanza, kakaratasi, swali la pili, na kazi mbili za mwanafunzi mmoja, kabla na baada, majina yamefutwa kwa wino mweusi na ruhusa ya mwenyewe imepatikana. Aseme kwamba wawili hawakuwepo siku ya pili. Aseme pia kwamba katika wiki hizo sita walikuwa wakienda wodini, hivyo huenda wodi nayo ilisaidia.

"Sasa mbona najipunguzia mwenyewe?" alinung'unika Mama Kreti.

"Ukijipunguzia wewe, wao hawatapata pa kukupunguzia."

Ijumaa saa tisa na nusu jalada lilikuwa tayari: kurasa kumi na viambatisho kumi na viwili. Madai manne. La pili lilihusu namna anavyorudisha kazi za wanafunzi zikiwa na maelezo, na ushahidi wake ni kazi tatu zilizosahihishwa pamoja na ile nne nukta moja ya watu hamsini na mmoja, maana swali la juu kabisa kwenye fomu lilikuwa juu ya hilohilo. La tatu lilihusu mazoezi aliyoyatoa kwenye kadi halisi za dawa za wodini. "Ualimu ni Wito Wangu" ilibaki kwenye kreti, imelala juu ya cheti cha usafi. Jalada zima lilibanwa kwa pini moja ya kawaida. Alilibeba mkononi, na njiani alihisi kama ametoka nyumbani bila kanga.

Jopo lilimwita baada ya wiki tatu. Walikuwa watano, wamejipanga upande mmoja wa meza ndefu, na mwenyekiti wao alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya usingizi. Mama Kreti alikuwa amekariri mambo mengi ya kusema juu ya kupenda wanafunzi. Hawakumuuliza hata moja. Walifungua kiambatisho cha kumi na moja na cha kumi na mbili, karatasi mbili za Sista Saa.

"Hii ya kwanza ulikuwa hulazimiki kutuletea," alisema mwenyekiti.

Mama Kreti aliuona mtego, au alidhani ni mtego. Alitaka kujibu papo hapo. Badala yake alihesabu mpaka kumi, na watu watano wakakaa kimya wakimsubiri.

"Ya pili ni jibu," alisema. "Ya kwanza ndiyo njia."

Mwenyekiti alimtazama, akaandika kitu. Wakamuuliza angefanya nini na wale tisa waliobaki wakikosa. Akawaambia wanne walikuwa hawajui nukta tangu shule ya msingi, aliwakalisha peke yao; watano hakujua sababu, na bado hajui. Mjumbe mmoja akatabasamu. Katika waombaji wote, alisema, huyu ndiye wa kwanza kukiri kuwa kuna kitu asichokijua.

Barua ilifika siku ya Alhamisi. Fundi aliipokea yeye, akaishika kwa ncha za vidole asiichafue kwa mafuta ya cherehani, akamngoja mkewe mlangoni bila kuifungua. Mama Kreti alisema sala fupi, akapasua bahasha kwa mkasi wa nguo.

Alikuwa ameajiriwa. Mhadhiri wa kudumu, chini ya majaribio ya mwaka mmoja, na mwisho wa majaribio atawasilisha jalada jipya la ufundishaji. Alikaa chini. Fundi akakaa kando yake.

Kisha Mama Kreti akaisoma barua tena kuanzia juu, polepole, kwa macho ya kusahihisha. Aya ya kwanza ilisema chuo kimemchagua *kwa kutambua umahiri wake usio na kifani na wito wake mkubwa wa ualimu.* Baada ya hapo ilikwenda moja kwa moja kwenye tarehe ya kuanza kazi.

Aliinyoosha barua juu ya meza ya kukatia nguo. Akavuta kreti, akapekua mpaka akapata kalamu yake nyekundu, na pembeni ya aya ile, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, akaandika: *Uko wapi?*

"Hiyo si utaitaka siku nyingine?" aliuliza fundi, ameshtuka.

"Nitaitaka," alisema Mama Kreti, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kreti, chini kabisa.